Mtoto Akae na Nani?

Wanafunzi wenzetu wa madarasa ya juu hupewa mara nyingi insha kuhusu watoto wa wazazi walioachana. Wengi huanza kwa kuuliza: Je, ni baba au mama mwenye haki ya kumchukua mtoto? Mwenye kuanza hivyo amekwisha potea njia, kwa maana sheria ya siku hizi haiulizi hivyo. Huuliza: Mtoto huyu atastawi wapi? Hapa nataka kuonyesha jinsi hakimu anavyolijibu swali hilo, na pale linapomshinda.

Zamani jibu lilikuwa jepesi. Katika Uingereza mtoto alikuwa wa baba, na mama hakuwa na neno. Mwaka 1839 bunge lao liliruhusu mama aombe mahakamani kukaa na watoto wasiotimiza miaka 7, na mwaka 1925 sheria ikatamka kwamba ustawi wa mtoto ndio utakaotangulia kuangaliwa. Katika Tanganyika, kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zilisema kwamba watoto waliozaliwa ndani ya ndoa ni wa baba. Kisha ikaja Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, na kifungu chake cha 125 kikaupindua utaratibu huo. Hapa kwetu Uganda, Sheria ya Watoto iliyoanza kutumika mwaka 1997 inashika kanuni ile ile. Lakini nachukua kifungu hiki cha jirani zetu kwa kuwa kimepangwa vizuri, na mwanafunzi aweza kukifuata hatua kwa hatua.

Kifungu chasema kwamba ustawi wa mtoto ndio mkubwa kupita yote. Chini yake, hakimu aangalie mambo matatu: matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto kama amefika umri wa kuwa na maoni yake mwenyewe, na mila za jamii yao. Angalieni sana neno “chini yake”. Mila haikufutwa, wala wazazi hawakunyamazishwa. Bali vyote vimewekwa nyuma ya mtoto. Tena kifungu chasema kwamba mtoto asiyetimiza miaka 7 hudhaniwa kuwa ni heri akae na mama. Hiyo ni dhana tu, nayo yaweza kuvunjwa kwa ushahidi. Na hakimu hukumbushwa kwamba si vema kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamisha-hamisha.

Sasa tutunge mfano. Tuseme baba ni fundi wa mabomba Mwanza, na mama ana duka la vitambaa Bukoba. Waliachana miaka miwili iliyopita. Binti yao ana miaka 5, naye amekaa na mama tangu siku hiyo. Kijana wao ana miaka 10, yuko darasa la nne Mwanza, na bibi mzaa baba ndiye anayemtunza. Kila mzazi anawataka wote wawili. Baba asema, “Nilitoa mahari, nami nina nyumba ya matofali.” Mama asema, “Mimi ndiye niliyewazaa.”

Hakimu hawezi kuamua kwa maneno hayo. Humwagiza afisa wa ustawi wa jamii azitembelee nyumba zote mbili, atazame nani hasa anayempikia mtoto, nani humpeleka shule, na nani hukesha naye akiwa na homa. Kisha humpima kila mtoto peke yake, kwa kuwa kifungu chasema wazi kwamba si lazima ndugu wote wapewe mtu mmoja.

Aanza na binti. Dhana ya miaka 7 iko upande wa mama, na kumwacha alipo hakuvurugi maisha yake. Ili kuivunja dhana hiyo, baba angepaswa kuonyesha madhara ya kweli, kwa mfano kwamba mama humpiga vibaya au humwacha peke yake usiku. Nyumba ya matofali haitoshi, kwani wajibu wa baba wa kumlisha mtoto hauishi kwa sababu mtoto yuko kwa mwingine. Kama ana fedha zaidi, mahakama itamwamuru azipeleke aliko mtoto. Na mahari? Ni mila, nayo iko chini ya ustawi.

Kijana amepita miaka 7, basi dhana haimhusu. Hakimu humwita chumbani, wazazi wakiwa nje, azungumze naye polepole juu ya shule na rafiki zake kabla ya kumwuliza ataka kukaa wapi. Hapa pana mtego. Mtoto wa miaka 10 akisema, “Mama ametelekeza majukumu yake,” yafaa kushuku kwamba amefundishwa, maana hayo si maneno ya umri wake. Lakini akisema, “Nataka kumaliza shule yangu, na bibi hunisubiri jioni,” hayo ni yake. Tuseme ndivyo alivyosema, na afisa naye ameona kwamba anatunzwa vema.

Limebaki shaka moja. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema pia kwamba inapendeza ndugu wasitenganishwe, nayo yasema vilevile kwamba malezi ya mtoto yasikatizwe. Katika shauri hili mambo hayo mawili yanapigana. Hakimu aweza kuamuru binti abaki Bukoba na kijana abaki Mwanza, lakini likizo zote wakae pamoja, leo kwa mama, kesho kwa baba. Na baba apeleke fedha za binti kila mwezi. Amri hiyo si ya milele. Bibi akifariki au mama akihama, mzazi yeyote aweza kurudi mahakamani kuomba ibadilishwe.

Hata hivyo kanuni hii ina udhaifu wake. Neno “ustawi” ni pana, na hakimu aweza kutia ndani yake mapendezi yake mwenyewe bila kujua. Mwaka 1966 mahakama kuu ya jimbo la Iowa, Marekani, ilimnyima baba mtoto wake wa miaka 7. Mama wa mtoto alikuwa amekufa katika ajali ya gari, na baba akamwacha mtoto kwa babu na bibi wazaa mama kwa muda. Alipokwisha kuoa tena akamtaka, wakakataa kumtoa. Mahakama haikusema kwamba baba ni mtu mbaya. Ilisema nyumba ya wazee ni tulivu na ya kutegemewa, na maisha ya baba ni ya kisanii yasiyo na utulivu. Mwaka 1968 mtoto alikwenda kumtembelea baba yake akakaa huko huko, na wazee hawakupinga tena. Ndiyo sababu sheria za baadaye zimetaja mambo ya kuangaliwa moja moja, ili hakimu alazimike kueleza amepima nini.

Basi, mwandika insha, usishindanishe baba na mama. Mtaje mtoto kwa umri wake, useme yuko kwa nani sasa na tangu lini, nani amtunzaye, na yeye mwenyewe asemaje. Kisha onyesha ni jambo gani limelishinda lingine, na kwa nini. Kama jibu lako lingefaa kwa mtoto mwingine yeyote, bado hujampima huyu.