Utangulizi: Oda Isiyojua Kusimama

Programu inayonunua na kuuza hisa bila mkono wa mtu huanza kwa kuunganishwa na kompyuta ya dalali. Inajitambulisha, inakubaliwa, kisha inatuma oda kwa utaratibu wa ujumbe ambao pande zote mbili zinaufahamu. Ulioenea zaidi ni FIX, ulioanza mwaka 1992. Oda yake, ikifupishwa, husomeka hivi:

```
35=D|11=A001|55=XYZ|54=1|38=100|40=2|44=25.10
```

Yaani oda mpya, namba A001, ya kununua hisa 100 za XYZ kwa bei isiyozidi 25.10. Dalali hujibu kwa ujumbe wa `35=8`: oda imepokelewa, imekataliwa, au hisa kadhaa zimeshanunuliwa. Wanafunzi wengi huvutiwa na kutuma. Mimi nawaomba waanze na majibu, kwa sababu programu isiyohesabu majibu haijui kazi imekwisha.

Hilo ndilo lililoiponza Knight Capital, kampuni ya udalali ya Marekani, tarehe 1 Agosti 2012. Programu mpya iliwekwa kwenye seva saba kati ya nane. Ya nane ilibaki na msimbo uliokuwa umeachwa tangu 2003, na ishara iliyotakiwa kuwasha programu mpya ikauamsha ule wa zamani. Kihesabu cha hisa zilizokwisha kupatikana kilikuwa kimehamishwa mwaka 2005, kwa hiyo msimbo huo uliendelea kutuma oda bila kikomo. Oda 212 za wateja zikazaa miamala zaidi ya milioni 4 katika dakika 45 hivi. Hasara ilipita dola milioni 460.

Kabla ya soko kufunguliwa, mfumo ulikuwa umetuma baruapepe 97 zinazotaja hitilafu. Hakuna aliyezichukulia kama tahadhari. Baadaye mafundi waliiondoa programu mpya kwenye seva saba, na hapo msimbo wa zamani ukafanya kazi kwenye zote nane.

Ndiyo maana kinga hukaa nje ya programu inayotuma oda. Kinga hiyo hupima ukubwa wa oda, bei, kasi ya utumaji na jumla ya fedha zilizo hatarini, na kikomo kikivukwa, swichi ya dharura huzuia oda mpya na kufuta zinazosubiri. Hisa zilizokwisha nunuliwa haizigusi. Hizo zahitaji uamuzi wa mtu. Na kukata mtandao si kuzima: oda iliyokwisha kumfikia dalali yaweza kubaki hai, isipokuwa mmekubaliana ifutwe mawasiliano yakikatika.

Basi, kabla ya kutumia fedha halisi, fungua akaunti ya majaribio, acha oda chache zikisubiri, chomoa waya wa mtandao, kisha ingia kwa njia nyingine uone zipi bado zipo.