Amri Inayopunguza Afya: Jinsi Skripti ya Asembla Inavyozuia Mapigo Mchezoni

Afya ya mchezaji katika mchezo wa kompyuta ni namba iliyokaa mahali fulani kwenye kumbukumbu ya mashine. Adui anapopiga, amri moja ya prosesa huandika namba mpya, ndogo zaidi, mahali pale pale. Anayetaka mchezo upuuze mapigo anaweza kuishikilia namba hiyo isibadilike, au anaweza kuifuata amri yenyewe na kuizuia. Kushikilia namba ni rahisi, lakini hakudumu: mchezo ukifungwa na kufunguliwa upya, namba huwa imehamia anwani nyingine. Amri ni sehemu ya programu, nayo hutambulika kwa baiti zake popote inapopakiwa.

Kwenye Windows, chombo kinachotumiwa sana kwa kazi hii ni Cheat Engine, kilichotungwa na Eric Heijnen. Huja na programu ndogo ya mazoezi, na hatua ya 9 ya mazoezi hayo ndiyo inayofundisha zaidi kuliko zote. Kuna wachezaji wanne: Dave na Eric upande mmja wenye afya 100 kila mmoja, HAL na KITT upande wa pili wenye 500. Lengo ni timu ya Dave ishinde. Ugumu uko hapa: amri inayopunguza afya ni moja kwa wote wanne. Ikizuiwa kabisa, Dave hafi, lakini na HAL hafi, na pambano haliishi. Michezo halisi iko vivyo hivyo mara nyingi, kwa kuwa mtunzi wa programu hana sababu ya kuandika hesabu ya mapigo mara mbili.

Kwanza hutafutwa anwani ya afya ya Dave. Afya hapa imehifadhiwa kama namba yenye desimali, kwa hiyo aina ya thamani huwekwa `Float`, hutafutwa 100, kisha Dave hupigwa na kutafutwa thamani mpya kwa `Next Scan`. Akirudia mara chache, mtafutaji hubaki na anwani moja. Aliyeacha aina ya thamani kwenye `4 Bytes` hatapata kitu, na hilo ndilo kosa la kwanza la wengi. Anwani ikishapatikana, ni vizuri kuibadilisha kwa mkono na kungoja pigo linalofuata. Afya ikiendelea kutoka kwenye thamani mpya, anwani ni ya kweli. Ikirudi ilikokuwa, iliyopatikana ni nakala tu inayotumika kuonyesha namba kwenye skrini.

Sasa amri inaweza kunaswa. Anwani hubofywa kitufe cha kulia na kuchaguliwa `Find out what writes to this address`. Cheat Engine hapo huiambia prosesa, kupitia rejista zake za utatuzi, itoe taarifa kila anwani hiyo inapoandikwa. Dave akipigwa tena, mstari mmoja hujitokeza kwenye orodha. Katika toleo la biti 64 ni huu:

```
movss [rbx+08],xmm0
```

Maana yake ni kwamba namba iliyo kwenye rejista xmm0 iandikwe mahali palipo baiti 8 mbele ya anwani iliyo kwenye rbx. Afya mpya ilikwisha kukokotolewa kabla ya hapo. Amri hii inaiweka tu. Rbx inaelekeza mwanzo wa kumbukumbu za mchezaji anayehusika, na hapo ndipo siri ya kuwatenganisha wanne hawa ilipo. Kila mchezaji ana kifungu chake cha kumbukumbu chenye mpangilio uleule: afya mahali fulani, jina mahali fulani, na timu mahali fulani.

Ili kuipata timu, amri hubofywa kwenye dirisha la disasembla na kuchaguliwa `Find out what addresses this instruction accesses`. Wachezaji wote wakishapigwa, anwani nne hutokea. Kila moja hupunguzwa 8 ili kufika mwanzo wa kifungu, kisha vifungu vinne hupangwa sambamba kwa kifaa cha `Dissect data/structures`. Kinachotafutwa ni mstari ambao Dave na Eric wanalingana, HAL na KITT wanalingana, na pande mbili zinatofautiana. Mstari huo uko kwenye +14: Dave na Eric wana 1, HAL na KITT wana 2. Cheat Engine huhesabu kwa mfumo wa kumi na sita, kwa hiyo 14 hiyo ni baiti 20 kwa hesabu ya kawaida.

Skripti huanzishwa kwa kubonyeza Ctrl+A kwenye dirisha la kumbukumbu na kuchagua kiolezo cha `AOB Injection`. Kiolezo hujaza sehemu kubwa chenyewe: hutafuta mfululizo wa baiti unaoitambulisha amri bila kufanana na nyingine, hutenga nafasi mpya ya kumbukumbu karibu na mchezo, na kuweka mruko wa kwenda huko. Mruko huo huchukua baiti 5, na kwa bahati nzuri amri yetu nayo ina baiti 5 kamili. Amri ingekuwa fupi zaidi, ya jirani nayo ingelazimika kuhamishwa pamoja nayo. Mwandishi huongeza mistari miwili tu:

```
newmem:
  cmp dword ptr [rbx+14],1
  je return

code:
  movss [rbx+08],xmm0
  jmp return
```

Timu ikiwa ya 1, prosesa hurukia `return` bila kuandika, na pigo hupotea. Ikiwa ya 2, amri ya asili hutekelezwa kama kawaida. Sehemu ya kuzima hurudisha baiti za asili na kuachia nafasi iliyotengwa:

```
[DISABLE]
INJECT:
  db F3 0F 11 43 08
unregistersymbol(INJECT)
dealloc(newmem)
```

Baada ya kuiweka kwenye orodha kwa `Assign to current cheat table`, kisanduku chake hutiwa alama na pambano huanzishwa upya. HAL na KITT huisha, Dave na Eric hubaki na afya zao.

Katika mchezo mkubwa zaidi amri hiyohiyo huenda ikaandika afya inapoongezeka pia, kwa mfano mchezaji anapotumia dawa. Skripti ya hapo juu ingezuia na tiba. Dawa yake ni kulinganisha namba mpya na ya zamani kabla ya kuamua:

```
newmem:
  cmp dword ptr [rbx+14],1
  jne code
  comiss xmm0,[rbx+08]
  jb return
```

Hapa kuandika huzuiwa pale tu namba mpya inapokuwa ndogo kuliko iliyopo. Tena, moto, sumu au kuanguka kutoka juu huweza kuwa na amri zao tofauti, kwa hiyo kila aina ya dhara ijaribiwe peke yake huku orodha ya waandishi ikiwa wazi.

Kisanduku kikikataa kutiwa alama, mara nyingi mchezo umesasishwa na mfululizo wa baiti haupatikani tena. Kazi ya kunasa amri hurudiwa. Mchezo ukizimika ghafla, sababu ya kawaida ni amri iliyokatwa katikati, au rejista iliyobadilishwa bila kurudishwa. Na yote haya huhusu mchezo wa nje ya mtandao. Mtandaoni, afya halisi kwa kawaida hutunzwa kwenye seva, na namba iliyo kwenye mashine ya mchezaji ni nakala. Kuigusa hakumwokoi, bali humfungia akaunti.