Likizo Inaposubiri Ritani

Mhasibu wa kampuni moja jijini Dar es Salaam anaomba likizo ya mwaka kuanzia tarehe 10 Juni. Mdogo wake anaolewa Bukoba tarehe 21. Ni mfano tu, ila kwenye ofisi nyingi za uhasibu hautamshangaza mtu. Kampuni inayofunga hesabu Desemba 31 hutakiwa kupeleka ritani ya mapato TRA ndani ya miezi sita, yaani hadi Juni 30. Juni yote huliwa na kazi hiyo.

Meneja anaweza kukataa? Kwa Tanzania Bara, anaweza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi siku 28 za likizo, lakini mwajiri ndiye hupanga lini zichukuliwe. Mamlaka hayo yana ukomo: likizo isivuke miezi sita baada ya mzunguko wa likizo kwisha. Mhasibu huyu aliajiriwa Agosti 1, hivyo mzunguko wake unakwisha Julai 31, na siku ya mwisho kwake ni Januari 31. Kuivuka kunahitaji ridhaa yake pamoja na sababu ya kikazi iliyo wazi, na hata hapo haizidi miezi kumi na miwili.

Ndiyo maana barua inayoishia na “utajulishwa baadaye” ni mbovu hata ikiwa na heshima zote. Haina tarehe ya kushika, na likizo ya namna hiyo huahirishwa tena na tena hadi miezi sita inapita.

Barua nzuri huanza kama barua zote za ofisini, “Husika na kichwa cha habari hapo juu”, kisha inafika kwenye jambo lenyewe mapema: “Nasikitika kwamba sitaweza kuidhinisha likizo yako kuanzia 10 Juni, kwa kuwa ritani ya mapato inapaswa kufika TRA kabla ya Juni kwisha na wewe ndiye mwenye majedwali ya mali za kudumu. Napendekeza uanze tarehe 7 Julai au 4 Agosti. Tafadhali nijulishe chaguo lako kabla ya Ijumaa.” Sababu imetajwa kwa jina lake. Maneno kama “mahitaji ya kazi” peke yake humwacha mtu akijiuliza kama amechukiwa.

Lakini harusi haihamishiki, na Julai haimsaidii bibi harusi. Hapa meneja anayeijali kazi na watu wake anaongeza aya moja. Sheria inaruhusu mfanyakazi, kwa ombi lake mwenyewe, apewe siku chache zenye malipo ambazo zitapunguzwa kwenye zile 28. Akimpa siku tano kuanzia tarehe 19, mhasibu anafika Bukoba, anamsindikiza mdogo wake, na tarehe 24 yuko mezani kwake, huku siku 23 zikimsubiri Julai.

Makubaliano hayo yaandikwe, yatiwe saini, na nakala iende kwenye jalada lake.