Sentimita 12 Zisizoonekana Sandukuni

Mtambo wa kuchoronga ukishatoa mche wa mwamba kutoka tumboni mwa mlima, mche huo hulazwa kwenye sanduku refu, na mwanajiolojia huinama juu yake akiwa na futi ya kupimia. Kutokana na anachokiona humo, wahandisi wataamua handaki lichimbweje na paa lake lishikiliwe na nini.

Kipimo cha kwanza ni chepesi. Kilipendekezwa miaka ya 1960 na Mmarekani Don Deere wa Chuo Kikuu cha Illinois, na huandikwa RQD. Unajumlisha urefu wa vipande vyenye sentimita 10 au zaidi, unagawanya kwa urefu wote uliochorongwa, kisha unazidisha kwa 100. Chini ya asilimia 25 mwamba ni mbovu sana. Kuanzia 50 hadi 75 ni wa wastani. Ukivuka 90 ni bora kabisa.

Tuchukue mfano wa naisi, mwamba ulio mwingi katika milima ya Morogoro. Mtambo umechoronga sentimita 150. Sandukuni kuna vipande vya sentimita 38, 17, 22 na 31, viwili vidogo vya 9 na 6, na kokoto zinazojaza sentimita 15. Vipande virefu vinafikisha 108, kwa hiyo RQD ni asilimia 72.

Hapa jicho linahitajika kuliko hesabu. Kile kipande cha 17 kwa kweli kimekatika katikati, kikawa 8 na 9. Lakini mkato wake ni mpya: una chenga kali, hauna kutu wala doa la maji, na pande zake zikiunganishwa hushikana barabara. Huo umevunjwa na mtambo, si na mlima, hivyo kinahesabiwa kizima. Asiyejua tofauti hiyo angeandika asilimia 61.

Sasa jumlisha vyote vilivyomo: ni 138. Sentimita 12 hazipo. Mwamba mgumu haupotei hivi hivi. Mara nyingi kinachopotea ni udongo wa mfinyanzi uliokuwa kati ya kuta za ufa, ukasombwa na maji ya kuchorongea. RQD haiwezi kutuambia hivyo. Inahesabu kilichopotea sawasawa na kokoto zilizosagika, ingawa kwa paa la handaki utelezi wa udongo ule ni hatari ya aina nyingine kabisa.

Ndiyo maana RQD huingizwa ndani ya uainishaji mpana zaidi. Mmoja unaotumika sana ni RMR, ulioanzishwa na Bieniawski mwaka 1973 na kuboreshwa mwaka 1989. Huo hutoa alama kwa ugumu wa jiwe, RQD, nafasi kati ya nyufa, hali ya nyuso za nyufa, na maji. Kisha hupunguza alama kufuatana na jinsi nyufa zilivyolala dhidi ya mwelekeo wa handaki.

Turudi kwenye mche wetu. Ugumu unapata 12, RQD 13, nafasi ya nyufa 10. Tukidhani nyufa zina kuta zenye mikwaruzo, zimebana na zina unyevu tu, tunaongeza 25 na 10. Tukitoa 5 kwa mwelekeo, inabaki 65: daraja la pili, mwamba mzuri. Lakini kama zile sentimita 12 zilikuwa na ufa wenye utando wa udongo wa milimita chache, na maji yanadondoka, alama 25 inashuka hadi 10, na ya maji hadi 4. Jumla inakuwa 44, daraja la tatu. RQD haijasogea hata kidogo.

Kwa handaki lenye upana wa mita 10, tofauti hiyo ni kubwa. Daraja la pili linaruhusu kuchimba uso mzima kwa pamoja, na nondo za mita 3 kuwekwa pale tu panapohitajika. La tatu linataka kuanza na nusu ya juu, nondo za mita 4 zilizopangwa kwa utaratibu paani na kutani, wavu wa waya paani, na zege la kunyunyizia la milimita 50 hadi 100 paani.

Kwa maoni yangu, mche uliopotea uandikwe kwenye kumbukumbu kwa uangalifu uleule wa mche uliopo: kina chake, rangi ya maji yaliyorudi juu, na kama mtambo ulizama ghafla. Kisha lichorongwe shimo la pili, la mshazari, maana shimo la wima linaweza kupita kando ya nyufa za wima bila kukata hata moja. Na uchimbaji ukianza, uso wa mwamba upimwe upya baada ya kila mlipuko, kabla zege halijaufunika.