Kipa Anayeruka Mpira Ukishaingia

Tuchukue mchezo mdogo wa penalti uliotengenezwa kwa Unity. Mpira umewekwa kwenye nukta, mita 11 kutoka langoni. Kipa anasubiri, anayumba taratibu kushoto na kulia, anapumua. Mpira unapigwa kwa kasi ya mita 25 kwa sekunde, maana yake utafika langoni kwa muda usiofika nusu sekunde. Mchezaji anabonyeza kitufe mara moja. Kipa anaendelea kuyumba kana kwamba hajaona kitu, mpira unatikisa nyavu, halafu ndipo anajirusha kwa madaha kuelekea kona iliyo tupu.

Mtengenezaji akijaribu tena, safari hii kipa anaruka papo hapo. Mara ya tatu anachelewa, ila si kwa kiasi kile cha kwanza. Kuchelewa huku kusikotabirika kunawafanya wengi wailaumu kompyuta, wadhani ni nzito. Kompyuta nzito, hata hivyo, ingechelewesha kila kitu, mpira ukiwemo. Hapa mpira uko sawa, na anayechelewa ni kipa peke yake.

Ndani ya Unity, miondoko ya mhusika hupangwa kwenye dirisha liitwalo `Animator`. Kila mwondoko ni kisanduku, nao huitwa hali. Kipa wetu ana hali ya `Kusubiri`, ambayo ni animesheni ya sekunde 2 inayojirudia bila kukoma, na hali ya `KurukaKushoto`. Mshale unaotoka hali moja kwenda nyingine ndio mpito. Ukiubofya mshale huo, unaona mambo mawili yanayoamua lini kipa ataondoka: orodha ya masharti chini, na juu yake kisanduku cha tiki kilichoandikwa `Has Exit Time`.

Kisanduku hicho huja kikiwa kimeshatiwa tiki, na kwa maoni yangu hapo ndipo vilio vingi vya wanaoanza vinapozaliwa. Tiki hiyo inauambia mpito usubiri animesheni ya sasa ifike mahali fulani kabla ya kuondoka. Mahali hapo huandikwa kwa sehemu ya animesheni nzima: 0 ni mwanzo, 1 ni mwisho. Tuseme kwa kipa wetu pameandikwa 0.875. Sehemu hiyo ya sekunde 2 ni sekunde 1.75.

Sasa weka sharti. Mtengenezaji anaongeza parameta iitwayo `ruka` na kudai iwe kweli. Anadhani amesema, “Ondoka kitufe kikibonyezwa.” Kumbe amesema, “Ondoka pale animesheni inapopita 0.875, iwapo wakati huo `ruka` ni kweli.” Vyote viwili lazima vitimie pamoja. Katika Unity 4, toleo la mwaka 2012 lililoleta mfumo huu, muda wa kutoka ulikuwa mstari mmoja ndani ya orodha ileile ya masharti, kwa hiyo ilikuwa rahisi kuona kwamba nao ni sharti. Baadaye ulihamishiwa kwenye kisanduku chake, lakini kazi yake haikubadilika.

Jambo linalowapita wengi ni kwamba muda wa kutoka ulio chini ya 1 hauwi wazi kuanzia hapo na kuendelea. Ni mlango unaofunguka kwa fremu moja katika kila mzunguko, kisha unajifunga. Mchezaji akibonyeza animesheni ikiwa kwenye sekunde ya 1.7, kipa anaondoka baada ya sehemu 5 za mia za sekunde, na hakuna atakayelalamika. Akibonyeza kwenye sekunde ya 1.8, mlango umeshapita. Kipa atamaliza mzunguko, ataanza mwingine, na ataruka baada ya sekunde 1.95. Kwa wastani atachelewa sekunde 1 nzima, zaidi ya mara mbili ya muda wote wa safari ya mpira. Ndiyo maana kuchelewa kwake hakutabiriki: kunategemea kipa alikuwa wapi katika kuyumba kwake kidole kilipogusa kitufe.

Hilo ni la kuchelewa. Kukwama kabisa huja kwa msimbo kama huu:

```csharp
animator.SetBool("ruka", Input.GetKeyDown(KeyCode.LeftArrow));
```

`GetKeyDown` husema kweli kwa fremu moja tu, ile ambayo kitufe kimebonyezwa. Fremu inayofuata, `ruka` inarudi kuwa si kweli. Mchezo unaokwenda kwa fremu 60 kwa sekunde una fremu 120 ndani ya mzunguko wa kipa, na mlango uko wazi kwenye moja tu. Mchezaji atabonyeza mpaka kidole kimuume, kipa asitikisike, kisha mara moja bila sababu inayoonekana akaruka.

Wengi hukimbilia aina nyingine ya parameta, `Trigger`, inayobaki imewaka mpaka mpito unaoihitaji uitumie. Kipa hakwami tena, ila bado anachelewa, kwa sababu tiki ya muda wa kutoka ipo palepale. Na linazuka jipya: mchezaji mwenye papara akibonyeza tena wakati kipa yuko hewani, ombi hilo linabaki limewaka. Kipa akisharudi kusubiri, anajirusha peke yake mpira ukiwa bado haujapigwa. Dawa yake ni kuizima kabla ya kila mkwaju kwa `animator.ResetTrigger("ruka");`.

Dawa ya kuchelewa kwenyewe ni kuondoa tiki ya `Has Exit Time` kwenye mpito wa kutoka `Kusubiri`, sharti libaki peke yake. Kisha tazama `Transition Duration`, muda wa kuchanganya mkao wa zamani na mpya. Kama `Fixed Duration` haina tiki, 0.25 si robo sekunde, ni robo ya animesheni inayoachwa, yaani nusu sekunde kwa kipa wetu. Ataanza kuondoka kwa wakati, lakini mikono itakuwa bado inajikongoja mpira ukipita. Tia tiki hiyo na uandike 0.05.

Anayejifunza hili hufurahi, akaondoa tiki kila mahali. Mpito wa kurudi, kutoka `KurukaKushoto` kwenda `Kusubiri`, hauna sharti lolote. Ukikosa na muda wa kutoka, Unity inaupuuza na kuonya hivyo palepale kwenye mipangilio yake, na kipa analala chini mpaka mchezo uzimwe. Mpito huu ndio unaoustahili muda wa kutoka, bila sharti: ruka mpaka mwisho, kisha urudi. Angalia pia namba isizidi 1 kwa bahati mbaya. Muda wa kutoka uliopita 1 hukaguliwa mara moja tu, na kama uliuambatanisha na sharti ambalo halikuwa kweli dakika hiyo, hakuna mzunguko wa pili wa kusubiri.

Kuna mahali viwili hivi hufaa vikiwa pamoja. Mpira ukigonga ngumi za kipa ukarudi uwanjani, hutaki aruke tena akiwa bado kifudifudi. Mpito kutoka hali ya `Kuinuka` ukipewa muda wa kutoka 0.6 na `Trigger`, mchezaji anaweza kubonyeza mapema, na kipa ataruka mara magoti yake yanapokuwa ardhini tayari.

Ukitaka kujua tatizo lako ni lipi, endesha mchezo dirisha la `Animator` likiwa wazi na kipa akiwa amechaguliwa. Mstari wa buluu hutembea ndani ya hali inayochezwa. Parameta ikiwaka na mstari ukaendelea kutembea mpaka mahali palepale kila mara, ni muda wa kutoka. Ikiwaka na kuzimika bila kipa kuondoka, msimbo wako unaifuta mapema mno. Ikizimika na kipa akaenda kusikotakiwa, kuna mpito mwingine wenye sharti hilohilo ulio juu kwenye orodha ya hali hiyo, nao ndio ulioila `Trigger`. Na mstari ukiwa umesimama kabisa, tazama kasi ya hali: ikiwa 0, animesheni haisogei, na muda wa kutoka hautafikiwa kamwe.