Mkonge wa Mkumbara na hesabu ya kinachoachwa

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uchumi akiulizwa kwa nini ukanda wa Mkumbara, kati ya Mombo na Mkomazi, ulipandwa mkonge, hujibu haraka kwamba ardhi yake inafaa mkonge. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini halitoshi. Mkonge ungestawi vizuri tu kwenye mashamba mengi yenye mvua nyingi zaidi, ambako hakuna anayehangaika kuupanda. Kinachoutenga ukanda huu ni udogo wa kile ambacho mkulima anakiacha anapochagua mkonge.

Milima ya Usambara Magharibi inazuia upepo wenye unyevu unaotoka Bahari ya Hindi, na huku chini upande wa magharibi mvua inafika kwa kubahatisha. Mahindi hupandwa, lakini mwaka mbaya yanakauka kabla ya kubeba. Anayepanda mkonge hapa anapoteza mavuno hayo ya mashaka. Anayeupanda kwenye bonde lenye maji anapoteza mavuno mazuri ya uhakika. Hicho kinachopotezwa, yaani matumizi bora zaidi ya rasilimali ileile ambayo umeyaacha, ndicho wanauchumi wanachokiita gharama ya fursa. Haiandikwi kwenye risiti yoyote, na ndiyo maana wengi huisahau.

Tuifanye hesabu. Namba hizi ni za darasani, nimezichagua ziwe rahisi. Asha ana ekari 2 bondeni, karibu na mto. Ekari yake moja inatoa magunia 10 ya mahindi, au kilo 800 za singa za mkonge. Juma ana ekari 2 kwenye tambarare kavu, na ekari yake inatoa magunia 3, au kilo 600 za singa. Asha anamzidi Juma kwa yote mawili, na hapo ndipo wanafunzi wengi wanapokwama: mtu aliyezidiwa kila kitu ana nini cha kuuza?

Angalia kila mmoja anaacha nini. Asha akitaka gunia moja la mahindi anaacha kilo 80 za singa. Juma akitaka gunia hilohilo anaacha kilo 200. Kwa hiyo gunia la Juma ni ghali mara mbili na nusu kuliko la Asha. Ligeuze: kilo 100 za singa zinamgharimu Asha gunia moja na robo, na Juma zinamgharimu nusu gunia tu. Juma ndiye mwenye singa rahisi, ingawa ekari yake inatoa singa chache kuliko ya Asha. Huo ndio unafuu linganishi, na David Ricardo aliueleza mwaka 1817 kwa mfano wa nguo za Uingereza na mvinyo wa Ureno.

Kila mmoja akigawa shamba lake nusu kwa nusu, kwa pamoja wanapata magunia 13 na kilo 1,400. Sasa Juma apande mkonge ekari zote mbili, apate kilo 1,200. Asha apande mahindi ekari moja na nusu, apate magunia 15, na nusu ekari inayobaki impe kilo 400. Jumla imekuwa magunia 15 na kilo 1,600. Hakuna aliyeongeza jembe wala mbolea. Wakibadilishana magunia 4 kwa kilo 480, yaani kilo 120 kwa gunia, Juma anabaki na magunia 4 na kilo 720, na Asha na magunia 11 na kilo 880. Wote wawili wamezidi walipokuwa, kwa mazao yote mawili.

Mtihani mara nyingi huishia hapo. Biashara yenyewe haiishii hapo.

Kwanza, usafiri. Bei ya kubadilishana inaweza kukaa popote kati ya kilo 80 na kilo 200 kwa gunia. Pengo hilo la kilo 120 ndilo faida yote ya kugawana. Kubeba mzigo kukigharimu zaidi ya hapo, kila mtu atajilimia chake, unafuu linganishi uwepo usiwepo. Mkumbara yenyewe ina historia ya jambo hili. Miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kampuni ya Wilkins na Wiese ilijenga njia ya waya kutoka msitu wa Shume mlimani hadi stesheni ya reli ya Mkumbara, ili kuteremsha mbao za mierezi. Mierezi ilikuwapo siku zote. Ilikosa thamani sokoni kwa sababu ya ule mteremko mkali, na waya ndio uliolifungua pengo.

Pili, muda. Mkonge unangojewa kama miaka 3 kabla ya kukatwa mara ya kwanza. Kwa namba zetu, Juma anaacha magunia 9 kwa kila ekari kabla hajaona singa hata moja, na gharama hiyo inamwangukia nyumbani mwake katika miaka ambayo watoto wanahitaji kula. Wakulima wadogo wanaipunguza kwa kupanda mahindi au maharage katikati ya mistari mkonge ungali mchanga. Lakini mkonge ukishakomaa, magunia yale 9 yametoka kwenye hesabu. Bei ya singa ikishuka, swali la kung'oa au kutong'oa hulinganisha mavuno yajayo peke yake. Anayesema “siwezi kung'oa, nimeusubiri miaka 3” anahesabu kitu ambacho hakirudi akiung'oa wala akiuacha.

Tatu, na hapa ndipo vitabu huwa vifupi mno: gharama ya fursa ina watu ndani yake. Wasambaa wengi walikuwa na mashamba yao mlimani, na kuyaacha ili kukata mkonge kwa ujira mdogo kulikuwa ghali kwao. Wenye mashamba ya mkonge wakawatafuta watu mbali, na mwaka 1944 chama chao kikaanzisha SILABU, ofisi ya kuajiri vibarua wa mkataba walioitwa manamba. Kodi ya kichwa nayo ilifanya kazi yake, kwa sababu mtu anayedaiwa fedha taslimu hawezi kukaa na mahindi yake tu. Unaposikia kwamba Tanganyika ilikuwa na unafuu wa mkonge, kumbuka kwamba sehemu ya unafuu huo ilitengenezwa na serikali.

Nao haukudumu. Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha karibu tani 230,000 za mkonge. Kamba za plastiki zikaingia, bei ikaporomoka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967 na baadaye, na mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa kama sehemu ya kumi ya ule wa mwanzo. Juma hakuwa amekosea hesabu yake. Bei ya singa ndiyo iliyobadilika.

Linabaki swali la nani anachukua lile pengo la kilo 120, na Ricardo halijibu. Jani la mkonge lina singa kama asilimia 4 tu ya uzito wake, kwa hiyo kilo 600 za Juma ni tani 15 za majani. Majani hayo yanatakiwa kufika kwenye korona ndani ya saa 48 hivi, la sivyo yanakauka na singa zinakataa kusafishika. Mkulima mdogo mwenye majani yaliyokwisha kukatwa, na korona moja tu karibu, hana pa kuyapeleka kwingine. Mwenye korona anaweza kumlipa bei inayokaribia kabisa ile ya kilo 200 kwa gunia, na Juma atakubali, kwa kuwa bado ni nafuu kidogo kuliko mahindi yake. Unafuu wake linganishi upo palepale, ila faida yote imekwenda kwa mwenye mashine. Korona ya pili ikijengwa ng'ambo ya barabara, hakuna ekari itakayotoa singa zaidi, lakini bei ya Juma itapanda.