Pombe, Vitamini B1 na Kumbukumbu Inayopotea

Fundi seremala mwenye umri wa miaka 54, ambaye kwa miaka mingi amekunywa pombe kali kila siku huku akila kidogo, anaulizwa jana alishinda wapi. Anajibu kwa utulivu kuwa alikwenda kununua mbao, ilhali hakutoka nyumbani. Jamaa humwita mwongo, nao humkosea. Ubongo wake umeziba pengo kwa jambo la zamani, naye analiamini. Hali hii huitwa ugonjwa wa Korsakoff, kwa jina la daktari wa Urusi aliyeueleza mwaka 1887.

Kumbukumbu yake imeharibika pande mbili. Upande wa mbele, hawezi kuhifadhi mambo mapya: mgeni akitoka na kurudi baada ya dakika kumi, humsalimu kana kwamba ndiyo kwanza anafika. Upande wa nyuma, amepoteza mengi yaliyotangulia ugonjwa, hasa ya miaka ya karibuni. Humkumbuka mwalimu wake wa darasa la kwanza, lakini si harusi ya binti yake iliyofanyika miaka mitatu iliyopita.

Chanzo ni upungufu wa vitamini B1, ambayo ubongo huihitaji ili kugeuza sukari kuwa nguvu. Akiba yake mwilini hudumu wiki chache tu, na pombe huzuia utumbo kuifyonza. Mnywaji asiyekula huikosa kwa njia zote mbili.

Mara nyingi madhara hayo hutanguliwa na siku za hatari: mtu huchanganyikiwa, huyumba akitembea, na macho yake huchezacheza au huona viwili viwili. Dalili zote tatu si lazima zionekane pamoja. Kwa bahati mbaya, hudhaniwa kuwa ni ulevi, naye huachwa alale. Apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, na mhudumu aelezwe wazi habari za pombe, kwa kuwa vitamini B1 hutolewa kwa sindano, tena kabla ya dripu ya sukari au pamoja nayo. Sukari peke yake huweza kumaliza akiba ndogo iliyosalia. Vidonge havitoshi wakati huo.

Kumbukumbu ikishapotea, wachache hupona kabisa. Wengi hupata nafuu kiasi, kwa miezi hata miaka, iwapo wataacha pombe chini ya uangalizi wa mganga na kula vizuri. Mikono hujifunza hata pale akili isipokumbuka somo. Seremala wetu aweza kuzoea kuchukua daftari lake msumarini kila asubuhi, mradi daftari lisihamishwe na aongozwe mkono tangu mwanzo. Asiulizwe, “Daftari liko wapi?” Akikisia vibaya, kosa ndilo litakalokaa. Baada ya majuma kadhaa huenda akaliendea mwenyewe, asijue nani alimfundisha.